Mkono mmoja wa chuma, namba tatu: kusoma masi, kitovu cha uzito na momenti ya inesha kwenye FreeCAD

Kompyuta haijui chuma. Inajua umbo tu: urefu, upana, matundu na pembe. Ukishaipa msongamano wa malighafi ndipo inapoweza kukwambia kipande chako kina kilo ngapi, kitovu chake cha uzito kiko wapi, na kitakuwa kizito kiasi gani kukizungusha. Namba hizo tatu hutoka kwa sekunde moja. Kazi iko kwenye kuzisoma, kwa sababu kila moja ina mahali pake pa kupotosha. Masi hupotoshwa na msongamano na vipimo, kitovu cha uzito hupotoshwa na mahali ulipoweka sifuri ya mchoro, na momenti ya inesha hupotoshwa na mhimili.

Mwongozo huu unatumia FreeCAD kwa kuwa ni ya bure na kila mtu anaweza kufuata hatua hizi leo. Wanaotumia SolidWorks au Fusion watakuta mitego ileile imevaa nguo nyingine, na nimewawekea sehemu yao mbele.

Kipande chenyewe

Tuchukue mkono unaofungwa kwenye ekseli ya mota ndogo ya gia ili kufungua na kufunga mlango wa faneli ya mashine ya kusaga. Ni chuma bapa cha kawaida, urefu milimita 400, upana 50, unene 12. Upande mmoja una tundu la kipenyo cha milimita 25 ambamo ekseli inapita. Upande wa pili una tundu la milimita 16 la pini inayovuta mlango. Kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lingine ni milimita 350, na kila tundu liko milimita 25 kutoka mwisho wa chuma.

Nimechagua umbo rahisi makusudi. Unaweza kulihesabu kwa kalamu na karatasi, ukajua kama kompyuta imesema kweli, kabla hujaiamini kwenye umbo usiloweza kulihesabu.

Hatua ya kwanza: chora ukiwa umeshaamua sifuri iko wapi

Fungua `Part Design`, tengeneza `Body`, kisha `Sketch` kwenye `XY_Plane`. Usianze kuchora mstatili popote panapokupendeza. Katikati ya tundu la ekseli ndipo mkono utakapozungukia, basi hapo ndipo pawe sifuri ya mchoro. Weka duara la milimita 25 juu ya sifuri hiyo, duara la milimita 16 kwenye X ya 350, na mstatili unaoanzia X ya −25 hadi X ya 375, ukigawanyika sawasawa juu na chini ya mhimili wa X. Halafu `Pad` ya milimita 12 kwenda juu.

Uamuzi huu mdogo utakuokoa mara mbili. Kwanza, kitovu cha uzito utakachosoma kitakuwa umbali kutoka kwenye ekseli moja kwa moja, bila kutoa wala kujumlisha. Pili, mhimili wa Z wa mchoro ndio mhimili wa ekseli, kwa hiyo namba unayoihitaji kwenye inesha ni ile ya Z na si nyingine.

Ukiusogeza mkono baadaye kwa `Placement`, tuseme unataka uonekane vizuri pembeni ya mashine, kitovu cha uzito kitasogea nao. Umbo halijabadilika, ila kipimo kinaanzia mahali pengine. Pima kwanza, panga baadaye.

Hatua ya pili: hakikisha umbo ni gumu kweli

Nenda `View`, kisha `Panels`, kisha `Python console`. Dirisha litafunguka chini ya skrini. Andika hivi:

```python
o = App.ActiveDocument.getObject("Body")
print(len(o.Shape.Solids), o.Shape.isValid())
s = o.Shape.Solids[0]
print(s.Volume)
print(s.CenterOfMass)
```

Mstari wa kwanza wa majibu unatakiwa useme `1 True`. Moja ina maana kuna umbo gumu moja tu. Ukiona 0, una maganda matupu: nyuso zimepangwa lakini hazijafunga ujazo. Hii hutokea sana kwa faili za STL zilizopakuliwa mtandaoni, ambazo ni wavu wa pembetatu, zikishageuzwa kuwa umbo, au faili za STEP zilizohamishwa vibaya. Ukiona 2 au zaidi, ujue `Solids[0]` inasoma kipande kimoja na kuviacha vingine, na masi utakayopata itakuwa pungufu bila programu kukuonya. Na ujazo ukitoka na alama ya kutoa mbele yake, umbo limegeuzwa ndani nje, lirekebishe kwanza.

Jambo jingine la hapa: `getObject` inatafuta jina la ndani, si lile ulilobandika wewe. Ukibadili jina la kipande kwenye mti wa kushoto kuwa Mkono, jina la ndani linabaki `Body`. Ukiandika `getObject("Mkono")` utapata lawama ya `'NoneType' object has no attribute 'Shape'`. Andika jina la ndani, au tumia `getObjectsByLabel("Mkono")[0]`.

Kwa mkono wetu ujazo unatoka 231,696.77. Hizo ni milimita za ujazo, hata kama umeiweka FreeCAD ionyeshe inchi. Mipangilio ya vipimo hubadilisha kinachoonekana kwenye madirisha tu. Konsoli siku zote inajibu kwa milimita.

Sasa hesabu kwa kalamu. Chuma kizima ni 400 × 50 × 12, yaani 240,000. Tundu la 25 linaondoa 5,890, la 16 linaondoa 2,413. Baki ni 231,697. Tumekubaliana na kompyuta, twende mbele.

Hatua ya tatu: msongamano, na sifuri zake

Kuanzia toleo la 1.0, lililotoka Novemba 2024, FreeCAD inakuruhusu kukipa kipande malighafi, nayo huhifadhiwa kwenye sifa ya `ShapeMaterial`. Fanya hivyo, ni kumbukumbu nzuri kwa atakayefungua faili baada yako. Lakini usidhani kwamba `Volume` na `MatrixOfInertia` zinaisoma. Zenyewe ni jiometria tupu, zinachukulia msongamano kuwa 1. Hata sifa inayoitwa `Mass` kwenye umbo gumu itakurudishia ujazo uleule. Kuzidisha kwa msongamano ni kazi yako.

Chuma laini cha kawaida kina kilo 7,850 kwa mita ya ujazo. Kwa kuwa ujazo wetu uko kwenye milimita, lazima msongamano nao uende kwenye milimita. Mita moja ya ujazo ina milimita za ujazo bilioni moja, kwa hiyo 7,850 inagawanywa kwa bilioni na kuwa 0.00000785. Kwenye konsoli tunaandika `7.85e-6`, na kipimo chake ni kilo kwa milimita ya ujazo.

```python
ro = 7.85e-6      # kg/mm^3
m = s.Volume * ro
print(m)
```

Jibu ni 1.8188, yaani kilo 1.82 hivi. Ukiandika 7850 badala yake utapata bilioni 1.8, na hapo hakuna atakayedanganyika. Hatari ni namba inayofanana na ukweli. Mkono huu ukikusomea gramu 231.7, utaona si ajabu sana, mpaka utakapokumbuka kwamba ujazo wake kwa sentimita za ujazo ni 231.7 pia. Masi na ujazo vikiwa na tarakimu zilezile, msongamano haujaingia. Umepima mkono wa maji.

Na ni namba ipi ya msongamano? Kwenye hazina ya malighafi ya FreeCAD utakuta `CalculiX-Steel` ina 7,900, si 7,850. Ukiitumia, mkono unakuwa kilo 1.830, tofauti ya chini ya asilimia moja. Watu hubishana kuhusu hilo bure. Chuma bapa kilichonunuliwa dukani kama cha milimita 12 kikiwa na 11.5 halisi, masi inashuka kwa zaidi ya asilimia nne, hadi kilo 1.74. Kabla ya kutafuta tarakimu ya nne ya msongamano, chukua kalipa ukapime unene wa chuma kilichopo mezani, kisha uuingize huo kwenye mchoro. Msongamano unakuwa jambo kubwa pale tu unapovuka aina ya malighafi: alumini iko kwenye 2,700, chuma cha pua kama 304 karibu na 8,000, chuma cha kusubu cha kijivu karibu na 7,200.

Hatua ya nne: kitovu cha uzito

Amri ya `CenterOfMass` uliyoiandika mwanzo ilikupa namba tatu: X 177.627, Y 0, Z 6. Huenda Y imeandikwa kitu kama `-3.1e-15`. Hiyo ni sifuri yenye vumbi la hesabu za kompyuta, ipite.

Y ya sifuri inasema umbo limegawanyika sawa juu na chini. Z ya 6 ni nusu ya unene. Hizi mbili hazina faida kwenye kazi, ila ni walinzi wazuri: mojawapo ikitoka tofauti, kuna kitu umechora upande mmoja bila kutaka. Namba ya kazi ni X. Chuma kizima bila matundu kingekuwa na kitovu kwenye 175, katikati kabisa. Tundu la pini liko mbali na limeondoa chuma kidogo upande wa kulia. Tundu la ekseli limeondoa kingi zaidi upande wa kushoto. Kushoto pamepungua zaidi, basi kitovu kimesogea kulia milimita 2.6. Jizoeze kujiuliza hivi kila mara: kitovu kimesogea upande ambao chuma kimebaki? Kama kimekwenda upande wa tundu, kuna kosa.

Angalia pia kwamba msongamano haukuhitajika hapa. Kipande cha malighafi moja kina kitovu kilekile kikiwa cha chuma, alumini au mninga. Kwa hiyo kitovu kikionekana sahihi, hakithibitishi hata kidogo kwamba umeweka msongamano sahihi. Wengi huangalia kitovu, wakaridhika, wakaondoka na masi ya uongo.

Kazi ya namba hii ni kujua mota itabeba nini mkono ukiwa umelala. Masi 1.819 mara 9.81 mara mita 0.1776 inatoa niutoni-mita 3.17. Hiyo ndiyo toki ya kuushikilia tu, hata kabla haujasogea.

Hatua ya tano: momenti ya inesha, na swali la mhimili

Hapa ndipo penye kazi, tukae kidogo.

`MatrixOfInertia` inarudisha jedwali la namba. Zile za kwenye mshazari, `A11`, `A22` na `A33`, ni inesha kuzunguka mihimili iliyo sambamba na X, Y na Z ya mchoro. Ila mihimili hiyo haipiti kwenye sifuri ya mchoro. Inapita kwenye kitovu cha uzito. Hata kama umejitahidi kuweka sifuri kwenye ekseli, jedwali hili halijali. Linakupa inesha ya mkono kana kwamba umetupwa hewani na unajizungukia wenyewe.

Mkono wetu hautupwi hewani. Umefungwa kwenye ekseli, milimita 177.6 kutoka kwenye kitovu chake. Kuhamisha inesha kutoka kwenye mhimili wa kitovu kwenda kwenye mhimili mwingine ulio sambamba nao, unaongeza masi mara umbali mraba:

```python
c = s.CenterOfMass
Ic = s.MatrixOfInertia.A33 * ro
Ip = Ic + m * (c.x**2 + c.y**2)
print(Ic, Ip)
```

Ya kwanza, ya kupita kwenye kitovu, ni 23,499.6. Ya pili, ya kwenye ekseli, ni 80,885.6. Zote ni kilo-milimita mraba. Ya pili ni karibu mara tatu na nusu ya ya kwanza, na ndiyo inayokwenda kwa mwenye mota.

Umbali unaoingia humo ni ule ulio wima na mhimili. Tunazunguka Z, kwa hiyo tunatumia X na Y peke yake. Z ya 6 haihusiki. Mtu akijumlisha zote tatu kwa mazoea, kwenye bapa hili hataona tofauti kubwa, ila kwenye kipande kirefu kwenda juu ataongeza inesha ambayo haipo.

Sasa vipimo. Orodha za mota huandika inesha kwa kilo-mita mraba. Mita ina milimita elfu, na hapa iko mraba, kwa hiyo unagawanya kwa milioni, si kwa elfu. 80,885.6 inakuwa 0.0809. Kwenye programu zinazojibu kwa gramu-milimita mraba, namba hiyohiyo itaandikwa 80,885,600 na inagawanywa kwa bilioni. Kosa la kugawanya kwa elfu ni rahisi kulinasa ukijua pa kulitafuta. Chukua masi, izidishe kwa urefu wa mbali kabisa kutoka kwenye mhimili, mraba. Kwetu ni 1.82 mara 0.375 mara 0.375, takribani 0.26. Inesha ya kweli haiwezi kamwe kuzidi hapo, kwa sababu ingemaanisha chuma chote kimekaa mbali kuliko ncha. Ukipata 80, umekosea sifuri. Fimbo nyembamba inayozungukia mwisho wake huangukia kwenye theluthi ya namba hiyo. Theluthi ya 0.26 ni 0.087, na sisi tuna 0.081. Inakaa vizuri.

Ukitaka mkono uanze kuzunguka kwa kasi inayoongezeka radiani 5 kwa sekunde mraba, toki ya kuuchochea ni 0.0809 mara 5, yaani niutoni-mita 0.40. Iongeze kwenye ile 3.17 ya kubeba. Kwa mwendo wa taratibu kama huu, uzito ndio unaotawala na inesha ni nyongeza ndogo, na mtu aliyechukua inesha ya kitovu kwa makosa hataona madhara. Mwambie afungue mlango huo kwa robo sekunde, ndipo inesha itakapochukua usukani na kosa lake litakapojitokeza: mota itakwama au gia zitalia.

Kwa wanaotumia SolidWorks na Fusion

SolidWorks, ukibonyeza `Mass Properties` chini ya `Evaluate`, inakupa mafungu matatu ya inesha kwa pamoja. La kwanza ni mihimili mikuu, `Px`, `Py`, `Pz`. La pili, lenye `Lxx`, `Lyy`, `Lzz`, linapita kwenye kitovu cha uzito. La tatu, lenye `Ixx`, `Iyy`, `Izz`, linapita kwenye sifuri ya mchoro. Kwa mkono uliochorwa kama wetu, unataka `Izz` ya fungu la tatu. Fungu la kwanza limepanga namba kutoka ndogo kwenda kubwa, na mihimili yake inaweza kuwa imepinda kuliko ya mchoro wako, kwa hiyo herufi zake usizifananishe na X, Y na Z zako.

Huko, kipande kisichopewa malighafi kinachukuliwa kuwa na kilo 1,000 kwa mita ya ujazo. Huo ndio mkono wa maji tuliouzungumzia. Tena ukiwa na vipimo vya mita na desimali mbili, inesha yetu itaonekana 0.08 na ya kitovu 0.02. Ongeza desimali kabla ya kunakili.

Fusion ina tabia kinyume: kipande kipya kinazaliwa kikiwa chuma. Ukichora kifuniko cha plastiki ukasahau kubadili, kitakuwa kizito mara sita au saba ya ukweli, na kwa kuwa namba haionekani ya kijinga, hupita. Dirisha lake la `Properties` linaonyesha inesha ya kitovu na ya sifuri zikiwa na vichwa tofauti. Soma kichwa kabla ya namba.

Vikiwa viwili au zaidi

Mkono mtupu haufanyi kazi. Kwenye tundu la mbali kutakuwa na pini, nati na kipande cha kushikia mlango. Tuseme vyote vina gramu 300, na viko milimita 350 kutoka kwenye ekseli. Masi inapanda kutoka 1.82 hadi 2.12, ongezeko la asilimia kumi na sita hivi, mtu anaweza kuliachia. Lakini inesha inaongezeka kwa 0.3 mara 0.35 mara 0.35, yaani 0.0368, ambayo ni karibu nusu ya inesha yote ya mkono. Kitovu kinahama kutoka 177.6 kwenda 202. Ukiombwa uchague kitu kimoja tu cha kuchora kwa uangalifu, chora kilicho mbali na mhimili. Nati ya karibu na ekseli unaweza kuisahau, inesha haitakuuliza.

Hapo pia kanuni ya kitovu kutojali msongamano inaisha. Pini ikiwa ya shaba nyeupe na mkono ukiwa wa alumini, huwezi kuunganisha maumbo kuwa moja kisha ukazidisha kwa msongamano mmoja. Pata masi na kitovu cha kila kipande peke yake, zidisha masi kwa umbali, jumlisha, gawanya kwa masi yote. Inesha nazo zihamishie kila moja kwenye ekseli kwanza, ndipo uzijumlishe. Inesha zilizopimwa kwenye mihimili tofauti hazijumlishwi.

Kuhakiki karakanani

Mkono ukishakatwa na kutobolewa, majaribio matatu yanatosha, na kila moja linakagua namba yake.

Mizani inakagua masi. Ikisoma kilo 1.75 badala ya 1.82, usikimbilie kulaumu msongamano, pima unene.

Ukingo wa pembe ya chuma iliyogeuzwa juu unakagua kitovu. Uweke mkono juu yake, usogeze hadi utulie bila kuegemea upande wowote, piga alama. Alama inatakiwa iwe milimita 202.6 kutoka mwisho wenye tundu kubwa, yaani 177.6 na zile 25 za pembeni.

Inesha inakaguliwa kwa kubembea, na jaribio hili nalipenda kuliko yote. Pitisha pini ya milimita 25 iliyolainishwa kwenye tundu kubwa, au beringi ukiwa nayo, mkono uning'inie wima. Usukume kidogo, pembe isizidi nyuzi kumi, halafu hesabu kwenda na kurudi mara 20 kwa saa ya simu. Muda wa bembea moja ni

```
T = 2π √( I / (m · g · d) )
```

ambapo `I` ni inesha ya kwenye ekseli na `d` ni umbali wa kitovu. Kwetu ni 0.0809 gawanya kwa 3.17, kipeo chake cha pili mara 6.283, unapata sekunde 1.00. Bembea 20 zichukue sekunde 20 na kidogo. Ukiwa na inesha ya kitovu mkononi badala ya ya ekseli, fomula itakutabiria sekunde 0.54, na saa itakukatalia papo hapo: bembea 20 zingekwisha kwa sekunde 11.

Ukiuning'iniza kwenye msumari mwembamba badala ya pini, mkono unakaa kwenye ukingo wa juu wa tundu, milimita 12.5 kutoka katikati. Muda unakuwa sekunde 1.02. Ni tofauti ya chini ya nusu sekunde kwenye bembea 20, lakini saa inaiona.

Bembea nayo ina kipofu chake. Masi iko juu na chini ya mstari kwenye fomula, juu ikiwa imejificha ndani ya `I`, kwa hiyo inajifuta. Mkono wa alumini wenye umbo hilohilo una kilo 0.626 na inesha ya 0.0278, na unabembea kwa sekunde ileile 1.00. Jaribio hili linathibitisha umbo na mhimili, haligusi msongamano. Ndiyo maana mizani haiondoki mezani hata saa ikikubaliana nawe kwa sehemu ya mia.